Mpango wa biashara kwa wawekezaji wa Kiswahili: mtafsiri, mhasibu, au wote wawili?

Mipango mingi ya biashara Dar es Salaam huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu benki na washauri wamezoea hivyo. Kisha inafika hatua ambapo fedha inatafutwa kwa watu wengine kabisa: mwenye maduka Kariakoo, mmiliki wa boti mbili Kigamboni, mstaafu mwenye akiba yake. Hawa wanaijua biashara kuliko aliyeuandika mpango, lakini wanataka kuusoma wenyewe kwa lugha wanayofanyia hesabu zao kila siku. Mwenye mpango anabaki na njia tatu: kumpa mtafsiri hati nzima, kumwomba mhasibu aliyetengeneza hesabu auandike upya kwa Kiswahili, au kuwakutanisha wote wawili juu ya faili moja.

Ili kuzilinganisha, tuchukue mpango wa mfano. Ni wa kiwanda cha barafu karibu na soko la samaki la Feri, chenye mashine ya kutoa tani 10 kwa siku. Mtaji unaohitajika ni Sh milioni 300: milioni 100 mkopo wa benki, na milioni 200 kutoka kwa wanahisa 20, kila mmoja milioni 10. Hati ya Kiingereza ina kurasa 30, kama maneno 9,000, pamoja na faili la Excel lenye makisio ya miaka mitatu.

Aya moja, mikono mitatu

Hati ya Kiingereza ina aya inayosema hivi kwa maana: inakisiwa kwamba mwaka wa kwanza, mashine ikitumika kwa asilimia 60 ya uwezo wake kwa siku 300, kampuni inauza tani 1,800 kwa Sh 150 kwa kilo bila VAT, na baada ya gharama za uzalishaji inabaki faida ghafi ya asilimia 40.

Mtafsiri mzuri, asiye na mtu wa hesabu pembeni, ataandika kitu kama hiki:

"Katika mwaka wa kwanza kampuni itauza tani 1,800 za barafu na kuingiza mapato ya Sh milioni 270, ambapo faida itakuwa asilimia 40."

Mhasibu akiandika peke yake:

"Uzalishaji MW1 tani 1,800 kwa 150,000/tani = 270,000 (elfu). Faida ghafi 40%. Matumizi ya uwezo 60%, rejea dhana Na. 4."

Na wawili wakikaa pamoja:

"Kwa makisio ya kampuni, mashine ikitumika kwa wastani wa asilimia 60 ya uwezo wake, mauzo ya mwaka wa kwanza yanafikia tani 1,800, sawa na Sh milioni 270 bila VAT. Ukitoa gharama za kuzalisha barafu hiyo inabaki faida ghafi ya Sh milioni 108. Hapo bado hazijatolewa gharama za ofisi, uchakavu wa mashine na riba ya mkopo. Zikishatolewa, mwaka wa kwanza unaisha na hasara ya Sh milioni 2."

Sentensi ya kwanza inasomeka vizuri kuliko zote, na ndiyo yenye madhara zaidi. Sharti la asilimia 60 limepotea. "Inakisiwa" imegeuka "itauza". Faida ghafi imekuwa faida tu, na msomaji anayeweka milioni 10 tayari amepiga hesabu kichwani kwamba asilimia 40 ya milioni 270 ni pesa ya kugawana. Ya pili haina kosa hata moja, lakini mwenye boti hawezi kuisoma. Ya tatu ni ndefu mara tatu, na urefu huo ndio unaolipiwa.

Pale neno "faida" linapobeba mizigo minne

Kiingereza cha uhasibu kina jina tofauti kwa kila hatua ya kutoa gharama. Kiswahili cha mtaani kinatosheka na "faida" kwa zote, na mtafsiri ambaye hajawahi kusoma taarifa ya mapato na matumizi hana sababu ya kushuku kwamba ni vitu vinne. Hesabu ya mwaka wa kwanza ya kiwanda chetu ni hii, kwa Sh milioni:

| Kipengele | Kiasi |
|---|---|
| Mauzo (bila VAT) | 270 |
| Toa gharama za uzalishaji | (162) |
| Faida ghafi | 108 |
| Toa gharama za uendeshaji | (70) |
| Faida kabla ya uchakavu, riba na kodi | 38 |
| Toa uchakavu | (24) |
| Faida ya uendeshaji | 14 |
| Toa riba | (16) |
| Hasara kabla ya kodi | (2) |

Ukiandika "faida" peke yake, ukurasa wa 4 utasema faida ni milioni 108, ukurasa wa 11 milioni 38, na ukurasa wa 19 milioni 14. Mwekezaji makini akiziona atadhani anadanganywa. Asiye makini atashika ile kubwa. Mhasibu hakosei hapa hata siku moja, kwa sababu kwake hizo ni safu tofauti za faili. Hii ndiyo hoja kubwa ya kumtumia.

"Mapato" nalo lina mtego wake. Wengine hulitumia kwa maana ya mauzo yote, wengine kwa kile kinachobaki, na kodi ya mapato ya kampuni, ambayo ni asilimia 30, hutozwa kwenye faida wala si kwenye mauzo. Ushauri wetu ni kuliacha kabisa neno hilo kwenye makisio, libaki tu kwenye majina kama "kodi ya mapato". Fedha inayotokana na barafu iitwe "mauzo" kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama linajirudia hadi linachosha. Mwandishi wa magazeti hufundishwa kukwepa kurudia neno, lakini katika hati ya wawekezaji, neno likibadilika msomaji anadhani kitu kimebadilika.

Neno la tatu la kuogopa ni "marejesho". Mtafsiri anapotaka kusema faida anayoipata mtu kutokana na uwekezaji wake, hili ndilo linalokuja haraka, na kwenye kamusi halionekani baya. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye VICOBA au kukopa kwenye taasisi ndogo za mikopo anajua marejesho ni nini: ni pesa inayorudi kila wiki au kila mwezi kwa kiasi kilichopangwa. Ukimwambia kwamba uwekezaji huu una "marejesho ya asilimia 15 kwa mwaka", umemwambia kwamba atapokea fungu lake kama mkopeshaji, wakati yeye ni mwanahisa, na gawio lipo tu ikiwa kuna faida na kikao kimeamua kuigawa. Andika "gawio" pale unapomaanisha gawio, na "faida itokanayo na uwekezaji" pale unapomaanisha hesabu ya jumla. Vilevile "muda wa kurudisha mtaji" uelezwe kwa sentensi nzima: ni muda ambao fedha taslimu iliyozalishwa na kiwanda inafikia kiasi kilichowekezwa. Bila maelezo hayo, mwanahisa atasubiri arudishiwe milioni 10 zake siku hiyo.

"Itapata", "ingepata" na ahadi usiyoitoa

Hapa ndipo mtafsiri mwenye kipaji anamzidi mhasibu, akiwa tu ameambiwa nini kiko hatarini. Kiingereza cha mipango ya biashara kina njia nyingi za kusema jambo linategemewa bila kuliahidi. Kiswahili kinao uwezo huo pia, ila si kwa kiambishi kimoja, na viambishi viwili vinavyokuja kwanza mkononi vyote vina shida.

Kiambishi -ta- kinaahidi. "Kampuni italipa gawio mwaka wa tatu" kwa masikio ya mtu wa Dar es Salaam ni neno la mwungwana, na asipolipwa ana haki ya kukasirika. Si suala la hisia tu. Marekebisho ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo hati ya Kiswahili yenye "italipa" inaweza kusomwa na hakimu kama ilivyo, na kisingizio kwamba Kiingereza kilisema "inatarajiwa" kitahitaji kazi kubwa kukitetea.

Kiambishi -nge- kinafanya kinyume chake. Mtafsiri anayetaka kulegeza sauti huandika "mauzo yangefikia milioni 315 mwaka wa pili". Msomaji anasikia kwamba yangefikia, ila kuna kitu kimezuia. Mpango mzima unaanza kusikika kama maombolezo ya biashara iliyoshindikana.

Kinachofanya kazi ni kutaja chanzo cha makisio halafu kutumia wakati uliopo, pamoja na -ki- ya masharti: "kwa makisio haya mauzo yanafikia", "matumizi ya mashine yakipanda hadi asilimia 70, mauzo yanakuwa milioni 315". Tenga -ta- kwa mambo ambayo kampuni kweli inajifunga kuyafanya: itawasilisha hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, itaitisha mkutano wa wanahisa. Ukifuata utaratibu huo, msomaji anatofautisha ahadi na kisio bila kuambiwa, na mhakiki anaweza kuupima kwa kutafuta kila kitenzi chenye "-ta-" kwenye hati na kuuliza: je, hili tumeahidi? Kwenye hati ya maneno 9,000 kazi hiyo inachukua kama saa moja.

Lafudhi ya hati nzima inaamuliwa hapahapa. Kiingereza cha mipango hupenda kujisifu: timu ya kipekee, fursa isiyo na mfano. Ukivihamisha hivyo kwa Kiswahili, hati inaanza kunuka upatu. Watu wa mji huu wameshachezewa na matangazo ya "fursa ya dhahabu" na "utajirike", na mwenye pesa zake akikutana na maneno hayo anafunga karatasi. Shusha sifa, weka ushahidi: badala ya "timu yenye uzoefu mkubwa", andika kwamba fundi mkuu ameendesha mitambo ya majokofu kwa miaka 11, ikiwa ni kweli. Kwa upande mwingine, usilainishe sura ya hatari kwa kuiita "changamoto". Changamoto ni foleni ya Mwenge. Umeme kukatika usiku kucha wakati barafu haijaganda ni kihatarishi, na neno hilo linafahamika katika hati za hesabu na ukaguzi.

Soko ambalo si soko

Madai kuhusu wateja yanaharibika kwa namna ambayo hata mhasibu haioni, kwa sababu tarakimu zinabaki sahihi huku maana ikihama.

Katika mpango wetu kuna maneno kwamba kampuni inalenga "asilimia 12 ya soko". Biashara iko Feri. Feri ni soko. Msomaji wa kawaida atauliza ni meza zipi hizo asilimia 12, na kama uongozi wa soko umekubali. Hati ikiendelea kusema kwamba kampuni inataka kuwa "kiongozi wa soko", mambo yanakuwa mabaya zaidi, maana kiongozi wa soko yupo na watu wanamjua kwa jina. Suluhisho ni kuamua mwanzoni kabisa: "soko" litumike kwa mahali tu. Kile kingine kiitwe "mahitaji ya barafu" au "wanunuzi wa barafu", na dai liwe "kampuni inalenga kutosheleza asilimia 12 ya mahitaji ya barafu ya vyombo vinavyoshusha samaki Feri". Sentensi imekuwa ndefu, lakini sasa inaweza kuulizwa swali: mahitaji hayo mmeyapimaje?

Na jibu lake ndilo sehemu ya pili ya tatizo. Tuseme mpango wa Kiingereza unasema kwamba katika vyombo 80 vilivyohojiwa kwa siku 14, vyombo 52, yaani asilimia 65, vilinunua barafu siku hiyo. Mtafsiri anayetafuta sentensi nyepesi anaandika "asilimia 65 ya wavuvi wa Dar es Salaam hununua barafu". Vyombo vimekuwa wavuvi, Feri imekuwa mkoa mzima, siku 14 zimekuwa tabia ya kudumu kwa sababu ya kiambishi "hu-", na waliohojiwa wamepotea. Hakuna tarakimu iliyobadilika. Mmiliki wa boti anayesoma hapo anajua fika kwamba kuna siku za mbalamwezi ambapo wavuvi wa dagaa hawatoki, na kama siku hizo 14 ziliangukia giza lote, asilimia 65 haina maana. Ukiandika tarehe za uchunguzi kama zilivyo kwenye Kiingereza, unampa nafasi ya kulipima dai hilo mwenyewe. Ukiziondoa, unampa sababu ya kutokuamini kurasa zote zilizobaki.

Takwimu za nje zibebwe na chanzo na mwaka wake bila kukatwa. Kama mpango unataja wakazi 5,383,728 wa Mkoa wa Dar es Salaam kwa Sensa ya 2022, Kiswahili kiseme hivyo, au "takribani milioni 5.4 (Sensa ya 2022)". Kisiseme "zaidi ya milioni tano na nusu", ambayo ni idadi nyingine.

Kuna jambo dogo hapa ambalo linaweza kuangusha kila kitu. Kiingereza kinaposema kiwanda kinafungua mauzo "4 a.m.", Kiswahili chake ni saa 10 alfajiri. Mtafsiri aliyechoka huacha "saa 4 asubuhi". Feri samaki hununuliwa alfajiri. Barafu inayoanza kuuzwa saa 4 asubuhi ni barafu ya nani?

Mahali mhasibu anapoteleza

Kufikia hapa mtu anaweza kudhani mhasibu peke yake ndiye jibu la bei nafuu. Faida zake ni za kweli: anajua kila tarakimu inatoka wapi, na mpango ukibadilika anabadilisha pande zote siku hiyohiyo. Lakini anaandika kwa ajili ya mhasibu mwenzake. Mambo matatu hujirudia.

La kwanza ni kichwa cha jedwali. Mhasibu huandika juu kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba kiasi chote ni kwa maelfu, kisha anaweka 270,000. Msomaji haoni kichwa, anaona laki mbili na sabini. Kwa wawekezaji hawa, badilisha jedwali zima liwe kwa Sh milioni na urudie kipimo hicho kwenye kila jedwali, hata kama ni mara nane.

La pili ni mabano. Kwa mhasibu (2) ni hasara, na kwa wasomaji wengi ni maelezo ya pembeni. Mabano yanaweza kubaki, ila safu yenyewe itangulizwe na neno "toa" au "hasara", kama tulivyofanya kwenye jedwali la hapo juu.

La tatu ni asilimia juu ya asilimia. Matumizi ya mashine yanapanda kutoka asilimia 60 hadi 70, na mhasibu anaandika "ongezeko la asilimia 10". Mauzo lakini yanatoka milioni 270 kwenda 315, ambalo ni ongezeko la karibu asilimia 16.7, na kwenye ukurasa unaofuata ndivyo ilivyoandikwa. Zote mbili zina mantiki yake, ila zikikaa jirani zinagombana. Andika "kutoka asilimia 60 hadi asilimia 70" na usilitaje ongezeko lenyewe.

Bila shaka mtafsiri naye ana kosa lake la fedha, na linatokana na nia njema. Mashine imekisiwa dola 96,000 kwa kiwango cha Sh 2,500, sawa na Sh milioni 240. Mtafsiri anakuta mahali pengine dola ambazo hazijageuzwa, anaangalia kiwango cha siku hiyo, anageuza. Sasa hati moja ina viwango viwili vya dola na jumla haifungi. Kwa njia yoyote utakayochagua, mwambie mtafsiri kwa maandishi kwamba hageuzi, hakadirii na hasahihishi tarakimu. Akiona kosa anaweka alama na kuuliza.

Wawili wakifanya kazi pamoja

Njia ya tatu inashinda kwa sababu ya mpangilio wa kazi. Ukiwachukua watu wawili wazuri ukawaacha kila mmoja na faili lake, utapata makosa ya wote wawili.

Anza kwa kufunga tarakimu. Faili la Excel lipewe tarehe kwenye jina lake, na kuanzia hapo hakuna anayeandika namba kwa mkono kwenye hati ya Kiswahili. Mtafsiri anafungua faili hilohilo, anaongeza safu moja ya majina ya Kiswahili kando ya yale ya Kiingereza, basi. Jedwali la Kiswahili linavuta tarakimu kutoka kwenye karatasi ya makisio. Hata sentensi zenye kiasi zinaweza kutengenezwa humo. Ikiwa mauzo ya mwaka wa kwanza yako kwenye seli C5 kwa maelfu ya shilingi, fomula hii inatoa sentensi kamili:

```
="Mauzo ya mwaka wa kwanza ni Sh milioni "&TEXT(Makisio!C5/1000,"#,##0")&" bila VAT."
```

C5 ikiwa 270000, inasoma "Mauzo ya mwaka wa kwanza ni Sh milioni 270 bila VAT." Bei ya barafu ikibadilishwa wiki ya mwisho, sentensi inabadilika yenyewe. Sentensi kumi au kumi na mbili za namna hii zinatosha, zile tu zenye tarakimu ambazo mwekezaji atazikumbuka.

Kisha wakae saa mbili kutengeneza orodha ya istilahi. Kwa mpango wa ukubwa huu maneno 25 hadi 30 yanatosha: kila neno la Kiingereza, neno lake moja la Kiswahili, na maana yake kwa sentensi fupi. Hapo ndipo "mauzo", "gawio", "mtaji wa kuendeshea", "uchakavu", "wadai" na "wadaiwa" vinaamuliwa mara moja. Jozi hiyo ya mwisho iandikwe na mfano, kwa sababu hata wanaoijua hupinduka: mdai ni yule tunayemlipa, mdaiwa ni yule anayetulipa.

Tafsiri yenyewe ni siku nne au tano. Mtafsiri wa hati za namna hii hutoa maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku, na zaidi ya hapo ubora unashuka. Mwishoni wanasoma kwa sauti: mhasibu ana Kiingereza, mtafsiri ana Kiswahili, na mmoja anataja kila tarakimu, kipimo chake na mwaka wake huku mwingine akitia alama. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayonasa VAT. Bei ya Sh 150 bila VAT ni Sh 177 ikiwa na VAT ya asilimia 18, na mara nyingi hati moja huwa na zote mbili mahali ambapo hakuna aliyeandika ni ipi.

Kama mtu mwingine, mfano ofisi ya serikali, anahitaji tafsiri iliyothibitishwa, BAKITA hufanya hivyo. Ila muhuri huo unahusu lugha. Haukagui makisio yako, kwa hiyo hauchukui nafasi ya mhasibu.

Ipi kwa nani

Mtafsiri peke yake anatosha pale hati ya Kiswahili si ya kufanyia uamuzi wa fedha: kuwaeleza majirani, uongozi wa soko au wafanyakazi kiwanda kitafanya nini. Ondoa sura ya makisio, mpe kurasa zilizobaki.

Mhasibu peke yake anafaa ikiwa wawekezaji ni wawili au watatu, kila mmoja ana mtu wake wa hesabu, na mtakaa mezani kujibizana. Anafaa pia wakati mpango bado unabadilika kila wiki, maana kutafsiri hati ambayo haijatulia ni kulipa mara mbili.

Kwa wanahisa 20 wa milioni 10 kila mmoja, hatuoni njia nyingine zaidi ya wawili pamoja. Kama gharama inatisha, punguza kurasa, usipunguze watu. Muhtasari, makisio, vihatarishi, masharti ya hisa na matumizi ya fedha ni kama kurasa 12 kati ya 30. Maelezo ya kiufundi ya mashine yanaweza kubaki kwa Kiingereza kama kiambatisho, na hati ya Kiswahili iseme wazi kwamba yapo na kwamba ni toleo lipi litakaloaminika pakitokea tofauti. Chunga pia inakokwenda. Kampuni binafsi nchini haina ruhusa ya kuuza hisa kwa umma, na wanachama wake hawazidi 50 ukiacha wafanyakazi. PDF ya Kiswahili inayosomeka vizuri husambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kwa siku moja. Weka jina la mpokeaji kwenye kila nakala, na kabla ya kuifikisha mbali zaidi ya watu unaowajua, zungumza na mwanasheria kuhusu masharti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Kabla ya kuchapa nakala 20, mpe hati mtu mmoja anayefanana na wawekezaji wako na ambaye hajahusika, akasome usiku mmoja. Kesho yake muulize maswali manne bila kumsaidia: mwaka wa kwanza kampuni inapata au inapoteza, na kiasi gani? Bei ya kilo moja ina VAT au haina? Ni nini kampuni imeahidi na ni nini imekisia tu? Ukiweka milioni 10, lini na kwa njia gani unaweza kuona pesa yako? Akikosea lolote, rudini kwenye sentensi aliyoisoma, muirekebishe hapohapo yeye akiwa amekaa, na msiiache hadi aisome tena na kuijibu sawasawa.